Kifaransa: "demandées" ya kwanza imepata tiki, ya pili imekatwa kalamu nyekundu. Kwa nini?

#1 KijanaWaUpanga
Wakuu, salaam. Najiandaa na mtihani wa DELF B2. Juzi tulipewa zoezi la kuandika barua kwa ofisi iliyokuomba vyeti. Nanukuu sentensi zangu tatu kama zilivyo:

Je vous envoie les pièces que vous m'avez demandées.
Les attestations que vous m'avez demandées d'envoyer arriveront lundi.
Votre collègue nous a parlés au téléphone.

Ya kwanza imepata tiki. Ya pili mwalimu kakata ile -es, kaacha demandé kavu. Ya tatu kakata s ya parlés. Nilipouliza akasema "kasome tena kanuni". Nimeisoma mara nne. Kanuni inasema ukiwa na avoir, patisipe pase inafuata yambwa tendwa ikiwa imetangulia. Sasa attestations si imetangulia? Na nous si imetangulia? Nani kakosea hapa, mimi au yeye?

#2 Mama Zuhura
Mdogo wangu hiyo mbona nyepesi. Mwanamke anaongeza e, wakiwa wengi wanaongeza s. Je suis allée, nous sommes allés. Wewe ni mwanamume, kwa hiyo angalia kama umejiandika kike.

#3 KaaLaMoto
Kaanza kazi. Mama Zuhura hiyo ni être, mwenzio kauliza avoir. Halafu lugha yenyewe herufi hazitamkwi, zinaandikwa kwa ajili ya kuwafelisha watu tu.

#4 TemboMweupe
Mkuu, acha kuhangaika. Mimi nilifaulu B1 kwa njia moja tu: ukiona que, weka ulinganifu. Usipoiona que, acha. Les mangues que j'ai mangées, ipo que, unaweka. J'ai mangé les mangues, hakuna que, unaacha. Mwalimu wako kakosea kwenye sentensi ya pili, kamrudishie karatasi.

#5 KijanaWaUpanga
@TemboMweupe nilikuwa na njia hiyohiyo! Lakini kwenye imla ya wiki iliyopita ilikuja "ces photos, je les ai prises hier". Hakuna que, na imeandikwa prises.

#6 TemboMweupe
Hiyo ni ya pekee.

#7 Bakora
Si ya pekee hata kidogo. Nimefundisha Kifaransa sekondari miaka ishirini na kitu, na hii "ukiona que" ndiyo niliyokuwa naing'oa kila mwaka kama magugu. Kinachotangulia kinaweza kuwa que, kinaweza kuwa la, les, me, nous, kinaweza kuwa swali: quelle robe as-tu mise, combien de lettres as-tu écrites. Na que ikiwepo haimaanishi kwamba ni mali ya patisipe yako.

Kijana, mwalimu wako yuko sahihi zote tatu. Chukua sentensi ya kwanza ukaiulize demandé: ofisi iliomba nini? Iliomba pièces. Hizo pièces zimeshatajwa kabla ya kufika kwenye kitenzi, basi demandées.

Sasa ya pili. Iulize demandé swali lilelile: ofisi iliomba nini? Haikuomba attestations. Iliomba *kutuma*. Kilichoombwa ni d'envoyer, na hicho kimekuja nyuma ya demandé. Hizo attestations ni za envoyer, ndizo zinazotumwa. Demandé hana chake pale mbele, kwa hiyo anabaki kama alivyozaliwa.

Ya tatu nitarudi, chai inapoa.

#8 KaaLaMoto
Kwa hiyo que ile inaruka juu ya demandé inaenda kukaa kwa envoyer? Kama abiria anayepita mlango wa mbele anakwenda kukaa siti ya nyuma.

#9 Bakora
Ndiyo hivyo hasa. Na kondakta anamdai nauli yule wa karibu naye.

#10 MtuWaKivu
Jambo bandugu. Niko Bukavu. Huku tumepigwa fimbo za hii kanuni toka darasa la tano. Mwalimu wetu alikuwa na jaribio lake: rudisha ile kitu nyuma ya patisipe, uone kama sentensi inasimama pale ulipoifunga. "Vous m'avez demandé les pièces", nukta, inasimama, na maana haijageuka. "Vous m'avez demandé les attestations", nukta, inasimama vilevile lakini sasa unasema kitu ingine, kwamba uliombwa vyeti vyenyewe. Ulichotaka kusema ni "vous m'avez demandé d'envoyer les attestations". Cheti kimekaa nyuma ya envoyer. Basi.

#11 KijanaWaUpanga
Aisee. Sasa nimeona. Ahsanteni. Kumbe sikukosea kanuni, nilikosea kujua kitu ni cha nani.

Ile ya tatu sasa. Nous imetangulia na hakuna kitenzi kingine cha kuiiba.

#12 Mama Zuhura
Mimi nilijibu être, samahanini, nilisoma haraka. Lakini hata mimi nataka kujua ya tatu. "Alituzungumzisha", si sisi tumezungumzishwa?

#13 ShambaLaMaua
Nafasiri nyaraka hapa Arusha, Kifaransa kwenda Kiswahili na kurudi. Niingilie hapo, maana nimeligundua kosa hili kwenye kazi za wenzangu na kwenye zangu mwenyewe, na naamini linatoka kwenye Kiswahili chetu.

Angalia: alituona, alitupiga, alituambia, alitupigia simu, alitujibu. Sisi tunachomeka -tu- kotekote. Kiswahili hakijali kama mtu ndiye aliyetendwa au ndiye aliyepelekewa jambo, wote wanaingia mlango mmoja. Kifaransa kinajali. Voir quelqu'un, lakini parler à quelqu'un, téléphoner à quelqu'un, répondre à quelqu'un, dire à quelqu'un. Huyo mwenye à si yambwa tendwa, ni tendewa, na patisipe haimwangalii hata akitangulia maili kumi.

Ugumu ni kwamba me, te, nous, vous zina sura moja kwa kazi zote mbili. Zinaficha. Dawa yake ni kuwatoa "sisi" ukaweka "wao". Il nous a vus inakuwa il les a vus: umepata les, weka ulinganifu. Il nous a parlé inakuwa il leur a parlé: umepata leur, acha kama ilivyo. Ukitaka kuandika nous na huna uhakika, nong'ona kwanza "les au leur?" halafu ndiyo uandike.

#14 Bakora
Nimetoka kwenye chai nimekuta kazi imeshafanywa, na vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Niongeze tu kwamba kuna vitenzi vinavyotuhadaa upande wa pili. Kusaidia: watu huandika il nous a aidé kwa kudhani ni "ametupa msaada". La, ni aider quelqu'un, il les a aidés, kwa hiyo il nous a aidés.

#15 KijanaWaUpanga
Nimejaribu: ma sœur, je l'ai attendue. Mes sœurs, je les ai attendues, je leur ai téléphoné, elles m'ont répondu. Sawa?

#16 ShambaLaMaua
Sawa kabisa. Umevuka mto, usirudi kuuangalia mamba.

#17 MsomajiWaUsiku
Mada nzuri. Lakini mmejadili *namna* tu, hamjajadili *kwa nini*. Kitenzi gani duniani kinachofuata kitu kilichotendwa kwa sharti kwamba kitu hicho kitangulie? Jibu ni kwamba kanuni hii ilibuniwa na Académie française ili watoto wa maskini wasiweze kuandika.

#18 Bakora
Hapana. Académie ilianzishwa 1635. Mshairi Clément Marot alikuwa ameshaifunga kanuni hii kwenye shairi lake, akiwausia wanafunzi wake, na Marot alifariki 1544. Lawama za Académie ziko nyingi, lakini hii walirithi.

#19 MsomajiWaUsiku
Basi Marot ndiye aliyeibuni. Na kwa nilivyosoma, aliileta kutoka Italia, alikokimbilia.

#20 DadaWaBergamo
Salaam kutoka Italia. Marot mwenyewe kwenye hilo shairi anaitaja lugha ya Kiitaliano kama mfano, na ni kweli aliishi Ferrara. Ila niwachekeshe kidogo. Huku Kiitaliano cha leo kimelegeza. Ukisema "nimemwona", l'ho vista, lazima ulinganishe. Lakini "barua niliyoandika" watu wanasema la lettera che ho scritto, bila kubadilisha kitu. Scritta unaweza kuisikia, inasikika ya kizamani. Aliyekopesha ameshasamehe deni, aliyekopa bado analipa.

#21 KaaLaMoto
Hahaha, dada umeua. Huyo aliyekopa analipa na riba, maana na mtoto wa Upanga naye analipishwa.

#22 Bakora
Dada wa Bergamo kasema vizuri, ila nisingesema Marot "alibuni". Alikuta desturi iliyokuwa ikiyumba, akachagua upande. Mzizi wenyewe uko kwenye Kilatini. Mtu alikuwa anasema kitu kama habeo litteras scriptas, ninayo barua, imeandikwa. Hiyo scriptas ilikuwa inaieleza barua, kama kivumishi: ninayo barua iliyoandikwa. Polepole "ninayo" ikapoteza maana ya kumiliki, ikawa kitenzi kisaidizi tu. Patisipe ikaanza kushikamana na kisaidizi na kuisahau barua. Kifaransa kimekwama katikati ya safari hiyo. Kihispania kimefika mwisho: la carta que he escrito, hakibadiliki kamwe.

Na kwenye Kifaransa cha zamani utakuta watu wakilinganisha hata kitu kikiwa nyuma, na wengine hawalinganishi hata kikiwa mbele.

#23 JirekebisheMwenyewe
Mimi nilisikia maelezo mengine. Watawa waliokuwa wananakili vitabu kwa mkono. Mtawa anaandika "Jésus a lavé", anafika hapo bado hajui kaosha nini, anaendelea, "les pieds", na hawezi kurudi nyuma kurekebisha. Lakini akiandika "les pieds que Jésus a", ameshajua ni miguu, miguu ni mingi, anaweka lavés. Ni mambo ya kalamu tu na wino. Kuna Wabelgiji wawili waliokuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, wameieneza sana hadithi hiyo.

#24 Bakora
Naijua. Ni hadithi tamu, na darasani nimeitumia kwa sababu mwanafunzi haisahau. Lakini haiendani na hilo nililosema, kwamba kulikuwa na waandishi waliolinganisha hata na kitu kilichokuja nyuma. Mtawa huyo alijuaje?

#25 JirekebisheMwenyewe
Pengine alikuwa ananakili, kitabu kiko mbele ya macho yake. Anaona hadi mwisho wa mstari.

#26 KaaLaMoto
Basi hadithi yako imejiua yenyewe, maana kama anaona mbele, angelinganisha zote.

#27 MtuWaKivu
Miye nina maelezo ya masikio. Huko zamani shuleni kulikuwa na padri mmoja mzee wa Kibelgiji. Akisema "la lettre que j'ai envoyée", ile ée aliivuta, unasikia kabisa "envoyéééé". Akisema "j'ai envoyé la lettre" anaikata fupi. Sisi tulikuwa tunamcheka. Kumbe alikuwa anatupa majibu ya imla bure! Wale waliogundua walikuwa wanapata alama zote.

Kwa hiyo nadhani zamani ilikuwa inasikika. Neno likiwa mwisho, unalivuta, unasikia kike na wingi. Likiwa katikati, kitu kinakuja nyuma, unakimbia, husikii. Waandishi wakaandika walichosikia.

#28 Bakora
Hii naipenda kuliko ya mtawa, na ina ushahidi wa pembeni. Vaugelas, ambaye maoni yake juu ya Kifaransa safi yalitoka 1647, alikuwa anaacha kulinganisha pale ambapo baada ya patisipe kunakuja mtenda. Aliandika la peine que m'a donné cette affaire, bila e, ingawa peine imetangulia wazi. Leo ungekatwa alama, inatakiwa donnée. Kwake yeye nafasi ya neno ndani ya sentensi, kama limefunga au bado kuna kitu kinafuata, ilikuwa na uzito. Hilo linakwenda vizuri na masikio ya MtuWaKivu.

Ila sisemi ndiyo jibu lenyewe. Masikio hayaelezi kwa nini Waitaliano nao walilinganisha, maana kwao kila irabu ya mwisho inasikika popote ilipo.

#29 MsomajiWaUsiku
Basi tumerudi kwa Marot.

#30 Bakora
Sijarudi popote, nimekaa palepale.

#31 MwanaNgeli
Jamani mbona mnakwenda mbali, hadi Roma na Ferrara? Sisi tunalo nyumbani. "Maembe niliyoyala." Ile -ya- inafuata maembe kwa sababu maembe yametangulia. "Nilikula maembe", hakuna -ya-. Ni kanuni ileile ya Kifaransa! Kitu kikishajulikana, kitenzi kinakitambua. Mswahili angepaswa kuipata bila kufundishwa.

#32 ShambaLaMaua
Nusu yake ni kweli, na mimi hutumia mfano huo nikimfundisha mpwa wangu. Lakini jaribu hii: "Nimewaona watoto." Watoto wako nyuma na -wa- imeingia vilevile. Na "maembe niliyokula" bila -ya- nayo watu wanasema kila siku, hakuna anayekukata alama. Kwetu kinachoamua ni mambo mengine, kama kitu kina uhai, kama kinajulikana kwa msikilizaji. Nafasi inachangia, haitawali. Ukimfundisha mtoto kwamba ni kanuni ileile, kesho ataandika "j'ai vus les enfants".

#33 MwanaNgeli
Mpwa wako ameandika hivyo?

#34 ShambaLaMaua
Ameandika. Ndiyo maana nasema.

#35 BintiNgazija
Hodi. Mimi ni Mkomoro, naishi Marseille mwaka wa tisa sasa. Nimesoma uzi mzima huku nacheka, maana hapa kazini Wafaransa wenyewe hawaifuati wakizungumza. Kwenye maneno kama mangé huwezi kujua, mangé na mangée masikioni ni moja. Lakini kuna yale yanayosikika: écrite, prise, mise, faite, ouverte, comprise. Nasikia kila siku "les photos que j'ai pris", "la lettre que j'ai écrit", na anayesema ni mtu aliyezaliwa hapa na bibi yake kazaliwa hapa. Nami nikisema "que j'ai prises" hakuna anayegeuza shingo. Lakini ikija kwenye barua pepe ya kazi, ukiikosa tu, anayekurekebisha ni yuleyule aliyesema "que j'ai pris".

Kitu kimoja kwa akina dada: il m'a comprise, il m'a mise à la porte. Hapo mnasikika. Nilimwandikia bosi wangu "vous m'avez mal compris" akadhani barua imeandikwa na mume wangu.

#36 Mama Zuhura
Kwa hiyo mwanamke anaongeza e! Nilisema mimi tangu mwanzo.

#37 KaaLaMoto
Mama Zuhura leo hakosi.

#38 BintiNgazija
Anaongeza akiwa ametendwa, Mama. Il m'a comprise, unaongeza. Il m'a dit, huongezi, kwa sababu ni dire à. Ukifanya mwenyewe, j'ai compris, huongezi hata uwe malkia.

#39 TemboMweupe
Mimi nina habari mpya. Kanuni hii ilifutwa 1990 kwenye yale marekebisho ya tahajia. Kwa hiyo mnabishana kitu kilichokufa.

#40 Bakora
Haikufutwa. Marekebisho ya 1990 kwa upande huu yaligusa laisser tu, ikifuatwa na kitenzi kingine: elle s'est laissé mourir, waache bila kubadilisha, kama faire. Kanuni kubwa haikuguswa.

Waliokaribia kuifuta ni wa 1900. Wizara ya Ufaransa ilitoa amri mwezi Julai iliyoruhusu patisipe yenye avoir iachwe bila kubadilika. Académie ikaja juu, na Februari 1901 ikatoka amri nyingine iliyopunguza uhuru huo ukabaki kwenye hali chache, hasa pale patisipe inapofuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa. Halafu 1976 ikatoka amri ya kuwataka wasahihishaji wavumilie mambo fulani kwenye mitihani ya Ufaransa. Na hao Wabelgiji wawili waliotajwa juu, Septemba 2018 waliandika kwenye gazeti la Libération wakitaka patisipe ya avoir isibadilike kabisa. Kelele zilikuwa nyingi. Hadi leo anayeandika barua rasmi bado analinganisha.

#41 KijanaWaUpanga
@Bakora hapo kwenye "inapofuatwa na kitenzi", ni kama sentensi yangu ya pili?

#42 Bakora
Ni ndugu yake. Mfano maarufu ni wa kusikia. La chanteuse que j'ai entendue chanter: nilimsikia nani? Mwimbaji, na yeye ndiye anayeimba. Unaweka e. La chanson que j'ai entendu chanter: wimbo hauimbi, unaimbwa. Nilisikia *kuimba*, kuimba wimbo. Huweki. Kipimo chepesi ni kuuliza: kilichotangulia ndicho kinachofanya hicho kitenzi cha pili? Ikiwa ndiyo, linganisha. Hiyo amri ya 1976 inasema kwenye hali hii msahihishaji akubali zote mbili.

Isipokuwa fait. Ikifuatwa na kitenzi, fait haigeuki, hata mbingu zishuke. La robe que j'ai faite, nimeishona mwenyewe. La robe que j'ai fait coudre, nimempa fundi.

#43 MwanaNgeli
Hii ya fundi ni kama "niliyoshona" na "niliyoshonesha".

#44 ShambaLaMaua
Hiyo sasa nakuunga mkono. Faire coudre ndiyo "shonesha" yao, wameiandika kwa maneno mawili na sisi tumeifunga kwenye moja. Ndiyo maana haikatiki katikati.

#45 JirekebisheMwenyewe
Na en je? "Des mangues, j'en ai mangé." Maembe yametangulia, ni mengi, na kitabu changu kinasema usiweke kitu.

#46 MtuWaKivu
Tuliambiwa en ni "kiasi cha", haina kike wala wingi. Umekula *katika* maembe. Kwa hiyo mangé kavu. Lakini nimeona waandishi wazuri wanaweka -es, na huwezi kuwaambia kitu.

#47 Bakora
Hapo hata mimi niliacha kugombana. Kwa mtihani acha kavu. En ikikaa na combien au plus, vitabu vya sarufi vyenyewe havipatani.

#48 KijanaWaUpanga
Wakuu nimefurahi sana. Nimemwonyesha mwalimu maelezo ya sentensi ya pili, kacheka, kasema "hatimaye". Halafu kanipa nyingine ya kwenda nayo nyumbani: "Les exercices qu'on m'a ... à faire", nijaze donner. Nimeuliza swali la Bakora: nilipewa nini? Nilipewa mazoezi, kweli nilipewa, karatasi ninayo mkononi. Kwa hiyo donnés. Halafu nikauliza tena: nilipewa nini? Nilipewa *kufanya* mazoezi. Kwa hiyo donné. Zote mbili zinasimama.

#49 MtuWaKivu
Ya à hiyo ndiyo iliyotupigisha fimbo. Miye naandika donnés. Karatasi imekuja mkononi, nimepewa.

#50 ShambaLaMaua
Mimi naandika donné, kwa sababu nilichopewa ni kazi, si karatasi. Lakini les chemises que j'ai données à repasser naweka -es, maana mashati niliyakabidhi kweli kwa dobi.

#51 Bakora
Zote mbili zinakubalika, na nyinyi wawili mmeonyesha ni kwa nini. Tofauti na demandé d'envoyer, ambapo huwezi kudai kwamba uliombwa vyeti.

#52 KijanaWaUpanga
Sasa nimwandikie ipi kesho?

#53 KaaLaMoto
Andika donné, halafu weka (s) kwa penseli. Akikunja uso, futa.

#54 Mama Zuhura
Na kama ni mwanamke aongeze e.